Kipindi kimoja, kituo kimoja: njia tatu za kupanga mradi wa tochi darasani

Mwalimu aliyewahi kusimamia mradi wa kutengeneza kitu anaifahamu siku ya mwisho ilivyo. Makundi manne yamemaliza na sasa yanasumbua wengine, manne yanagombea gundi, na manne yana boksi lililopakwa rangi likapendeza, ila ndani yake hakuna kinachowaka. Ukifungua andalio la somo unakuta vipindi vyote vya katikati vimeandikwa maneno yaleyale: "Wanafunzi wanaendelea na kazi."

Dawa yake walimu wengi wanaijua: kila kipindi kipewe kituo chake, yaani kitu ambacho kundi lazima liwe nacho mkononi kengele inapolia. Ugumu unaanza pale unapotaka kuvikata hivyo vituo. Unaweza kuvikata kwa sehemu za kazi (mchoro, bodi, saketi, kuunganisha). Unaweza kuvikata kwa matoleo, kila kipindi kiishe na tochi inayowaka hata kama ni mbovu mbovu. Au unaweza kuvikata kwa ujuzi, kila mtoto aoneshe kwanza kuwa anaweza kazi fulani ndipo kundi lijenge. Nimezitumia zote tatu, na kila moja imewahi kunipa raha na kunitia aibu.

Ili tusilinganishe maneno matupu, tuchukue mradi mmoja na tuupitishe kwenye njia zote.

Mradi wenyewe

Wanafunzi 36 wa miaka 12 hivi, makundi 12 ya watatu watatu, vipindi 8 vya dakika 40. Kila kundi linatengeneza tochi ya kadibodi. Ndani yake kuna betri tatu za ukubwa wa AA, taa ndogo nyeupe ya diodi, rezista moja ya 100 Ω, waya, na swichi ya kutengeneza wenyewe kwa klipu ya karatasi na pini mbili za shaba zenye miguu ya kukunjua.

Betri tatu za volti 1.5 zikipangwa kwa mfuatano zinatoa volti 4.5. Taa nyeupe ya diodi inahitaji karibu volti 3. Volti 1.5 zinazobaki zinaangukia kwenye rezista, na ukigawanya 1.5 kwa 100 unapata takribani miliampea 15, mkondo ambao taa hizi ndogo huuvumilia bila shida. Kundi likiruka rezista, taa itang'aa kuliko za wenzao, watoto watashangilia, kisha itafifia au itakufa. Mguu mrefu wa taa unaelekea upande chanya. Ukigeuzwa, taa haiwaki lakini kwa volti hizi haiharibiki, kwa hiyo kosa hilo ni la kujifunzia tu. Kosa lisilo la mchezo ni shoti: waya zikigusana moja kwa moja, betri zinachemka. Ndiyo maana betri zinahesabiwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, na za lithiamu za kuchaji haziingii kabisa kwenye mradi huu.

Tochi inahesabika imekamilika ikipita majaribio matatu: iwake na kuzimika kwa swichi mara tano mfululizo, ianguke kutoka juu ya dawati na bado iwake, betri zibadilishwe ndani ya dakika moja bila kuchana bodi. Majaribio haya yanaandikwa ubaoni siku ya kwanza, njia yoyote utakayochagua. Mpango unaanzia hapo na kurudi nyuma hadi kipindi cha kwanza.

Kituo kinachokaguliwa kwa nusu dakika

Kabla ya vigezo, kuna hesabu moja inayoamua mengi. Katika dakika 40, tano zinaliwa na kugawa vifaa na maelekezo, tano nyingine na kukusanya. Ukimpa kila kikundi dakika moja ya ukaguzi, 12 zimekwenda na kazi inabakiwa na dakika 18. Ukikagua kwa nusu dakika, ukaguzi unakula 6 na kazi inapata 24. Tofauti ni robo ya kazi yote ya mradi.

Kwa hiyo "wanafunzi wameelewa saketi" si kituo, maana huwezi kukiona. "Mchoro mzuri wa tochi" pia si kituo, maana lazima usome, ufikiri, ubishane. "Taa inawaka na kuzimika kwa swichi mara tano" ni kituo: unasimama, unatazama, unatia alama, unasogea.

Vigezo tutakavyotumia

Nimechukua vinne, kwa sababu ndivyo vilivyonisumbua kweli. Cha kwanza, kosa linaonekana lini, na likionekana limekwishakula vipindi vingapi. Cha pili, mtoto aliyekosekana na kundi lililobaki nyuma wanarudi vipi njiani. Cha tatu, vifaa na maandalizi ya mwalimu. Cha nne, kama unaweza kumpa mtoto mmoja mmoja alama ya haki, si alama ya kundi tu.

Hivi ndivyo vipindi vinane vinavyokaa katika kila njia:

| Kipindi | Kwa sehemu | Kwa toleo | Kwa ujuzi |
|---|---|---|---|
| 1 | Mchoro mmoja umechaguliwa | Taa inawaka, waya zimeshikwa kwa mikono | Kila mtoto amewasha taa peke yake |
| 2 | Mchoro una vipimo vyote | Taa inawaka kwa swichi, juu ya kipande cha kadibodi | Kila mtoto ana swichi yake |
| 3 | Bodi imekatwa, imekunjwa, ina gundi | Vyote vimo ndani ya bodi ya karatasi, kwa selotepu | Kila mtoto amekunja kisanduku kwa vipimo alivyopewa |
| 4 | Saketi inawaka mezani | Bodi ni ya kadibodi, betri zinatoka na kuingia | Kundi lina mchoro wenye vipimo |
| 5 | Saketi imo ndani ya bodi | Tochi imeanguka na bado inawaka | Bodi ya tochi ina gundi |
| 6 | Majaribio matatu, orodha ya makosa | Imetumiwa na kundi jingine, imerekebishwa, ina gundi | Saketi imo ndani, inawaka |
| 7 | Akiba | Akiba | Akiba |
| 8 | Maonyesho | Majaribio matatu, maonyesho | Majaribio matatu, maonyesho |

Kipindi cha saba hakina kazi mpya popote. Kila mwaka kuna mwalimu anayekiona kama nafasi ya bure na kukijaza "mapambo", halafu siku ya kengele ya dharura au mkutano wa ghafla hana pa kukimbilia. Mwalimu huyo nimewahi kuwa mimi.

Njia ya kwanza: vituo kwa sehemu

*Kosa linaonekana lini.* Hapa ndipo njia hii inapouma. Taa inawaka kwa mara ya kwanza kipindi cha 4, na inakutana na bodi kipindi cha 5. Chochote kilichokosewa kwenye mchoro kimelala kimya muda wote huo.

Kosa ninalolikumbuka zaidi ni la milimita chache. Betri ya AA ina kipenyo cha milimita 14.5, hivyo tatu zikilazwa ubavu kwa ubavu zinataka milimita 43.5, kabla hujaweka selotepu wala kishikio. Watoto wanapenda namba za mviringo. Makundi saba kati ya kumi na mawili yalichora bodi ya upana wa milimita 40, mimi nikaipitisha michoro kwa sababu ilikuwa safi na ina vipimo kila upande, na kipindi cha 5 nikawa na bodi saba zilizokauka gundi ambazo betri haziingii. Kadibodi imekwisha, vipindi vitatu vimepotea, na watoto wananitazama.

Tiba niliyoipata haikuhitaji kubadili njia, ilihitaji kubadili kituo. Badala ya "mchoro una vipimo vyote", kituo cha kipindi cha 2 kiwe "betri tatu na swichi zimelazwa juu ya mchoro na hazitoki nje ya mistari". Unakikagua kwa sekunde tano, na kosa la milimita 3.5 linaonekana kwa macho. Ukichagua njia hii, kila kituo cha karatasi kikutanishwe na kitu halisi. Bila hivyo utakagua unadhifu tu.

*Aliyekosekana na aliyechelewa.* Mtoto asiyekuwepo kipindi cha 4 amekosa saketi moja kwa moja, kwa sababu haitarudi tena. Atakuta imewaka na ataambiwa "sisi tumeshafanya". Kundi lililochelewa, kwa upande mwingine, ni rahisi kulisaidia: darasa zima linafanya kazi ya aina moja, hivyo unajua hasa wamekwama wapi na unaweza kuwaonesha mfano wa jirani.

*Vifaa na maandalizi.* Hakuna njia iliyo nyepesi kuliko hii. Mikasi na rula zinatoka vipindi vya 2 na 3, na ukiacha zile dakika za kulaza betri juu ya mchoro, betri 36 zinatoka kuanzia cha 4. Kelele ni ya aina moja, maswali ni ya aina moja. Gundi nyeupe inapakwa mwisho wa kipindi cha 3 na inakauka yenyewe kabla ya kipindi kinachofuata. Ikipakwa mwanzoni mwa kipindi, kundi linakaa na kushikilia kingo kwa vidole huku dakika zinakwenda.

*Alama za kila mtoto.* Njia hii inazalisha "mchoraji wa kundi" na "fundi wa waya". Mtoto mwenye mkono mzuri anachora, anayejiamini anaunga, wa tatu anashika. Ukitaka alama ya mtu mmoja mmoja, mchoro wa kipindi cha 1 ufanywe na kila mtoto kwenye daftari lake kabla kundi halijachagua, na kwenye saketi uwazungushe wewe mwenyewe.

*Anayefaidika nayo.* Mwalimu anayefundisha mradi kwa mara ya kwanza, darasa kubwa lisilozoea kazi za mikono, au somo ambalo mtaala wake unadai mchoro na hatua za usanifu zionekane kwa mpangilio huo.

Njia ya pili: vituo kwa toleo

*Kosa linaonekana lini.* Mapema mno, hadi watoto wengine wanakata tamaa kidogo. Dakika ya kumi na tano ya kipindi cha kwanza kuna makundi manne ambayo taa zao haziwaki: mawili mguu wa taa umegeuzwa, moja betri moja imeelekezwa kinyume, moja waya haujachunwa plastiki kwenye ncha. Yote haya yangetokea pia kwa njia ya kwanza, ila yangechelewa kuonekana hadi kipindi cha 4, bodi ikiwa tayari ina gundi. Hapa waya ziko juu ya meza tangu mwanzo, na mtoto anajifunza kukagua kwa utaratibu: betri kwanza, kisha mguu wa taa, kisha kila kiungo kwa kidole.

Ile bodi ya milimita 40 nayo inakamatwa kipindi cha 3, kwenye karatasi. Kundi linaitupa na kukunja nyingine ndani ya dakika tano. Hasara yake ni karatasi moja.

Lakini toleo lina kosa lake la pekee: kazi mpya inavunja kilichokuwa kinafanya kazi. Kundi lililowasha taa vizuri Jumatatu linahamishia saketi kwenye kadibodi Jumatano, na taa imezima, na hakuna anayejua ni nini kilichoguswa. Ninalizuia kwa amri moja mwanzoni mwa kipindi: kila kundi linyanyue tochi na kuiwasha kabla ya kugusa mkasi. Darasa zima linaonekana kwa mtupo mmoja wa macho. Isiyowaka inatengenezwa kwanza, na kituo kipya kinasubiri.

Kuna jingine ambalo halionekani kwenye jedwali. Tochi ikishawaka, watoto wanaipenda. Kundi linakataa kuifumua ili kuipa bodi bora, kwa hoja kwamba "mwalimu, si inawaka?" Wana haki yao. Ndiyo maana kituo cha kipindi cha 5 ni kuangusha: tochi ya selotepu inajifumua yenyewe mbele yao, na hoja inaisha bila wewe kusema neno. Na ndiyo maana gundi haiingii hadi kipindi cha 6. Kundi lililoingiza gundi kipindi cha 3 limejifungia mlango. Kila marekebisho baada ya hapo ni kuchana.

*Aliyekosekana na aliyechelewa.* Anayerudi anakuta kitu kinachowaka, anaweza kukifungua na kukifuata kwa macho waya kwa waya, na kipindi cha leo kinaifungua tochi yote tena, kwa hiyo ana pa kuingilia. Kundi lililobaki toleo moja nyuma bado lina tochi. Siku ya mwisho likiwa na toleo la 4 badala ya la 6, lina kitu cha kuonesha kinachopita majaribio mawili kati ya matatu. Katika njia nyingine mbili, kuchelewa vipindi viwili ni kuwa na vipande.

*Vifaa na maandalizi.* Hapa ndipo unapolipa. Betri 36, taa, waya na mikasi vyote vinahitajika tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kuanzia kipindi cha 4 hakuna makundi mawili yanayofanya kazi moja. Kundi hili linauliza juu ya swichi inayolegea, lile limekata bodi kinyume, la nyuma kabisa limepata shoti na betri ni za moto. Bila trei au boksi lenye namba kwa kila kundi, dakika zako tano za kugawa vifaa zinakuwa kumi. Unahitaji pia akiba ya taa: mimi huweka taa 6 za ziada kwa makundi 12, kwa sababu miguu ya taa inayokunjwa na kunyooshwa kila kipindi hukatika.

*Alama za kila mtoto.* Ngumu. Tochi ni moja na mikono iliyoigusa ni sita. Ninachofanya ni kumchagua mimi, si kundi, mtoto mmoja wa kunionesha kituo, na kumuuliza swali moja: "Nikiitoa rezista hii, nini kitatokea?" Watoto watatu, vituo sita, kila mmoja anafikiwa mara mbili ukiwa na orodha. Usipokuwa na orodha, utamchagua yuleyule anayeongea.

*Anayefaidika nayo.* Mwalimu ambaye vipindi vyake vinakatwa mara kwa mara na ratiba za shule, au ambaye hana uhakika kama vinane vitabaki vinane. Pia darasa lililozoea kufanya kazi bila kusimamiwa kila dakika.

Njia ya tatu: vituo kwa ujuzi

*Kosa linaonekana lini.* Kosa la mtu linaonekana mara moja, kosa la tochi linachelewa. Kipindi cha 2 unajua kabisa ni nani hawezi kuchuna waya. Lakini saketi na bodi zinakutana kipindi cha 6, na jaribio la kuangusha linafika kipindi cha 8, wakati hakuna tena nafasi ya kurekebisha. Ukitumia njia hii, chukua nusu ya kipindi cha akiba uifanye ya kuangusha, hata kama inauma kuipoteza.

*Aliyekosekana na aliyechelewa.* Aliyekosekana ana deni linalojulikana: hana alama kwenye "kuwasha taa". Anakaa kwenye meza ya pembeni dakika kumi na mwenzake aliyekwisha kuipata, anafanya, anarudi kundini. Hakuna njia nyingine inayomrudisha mtoto kirahisi hivi. Tatizo lake ni wale wepesi. Mtoto aliyewasha taa kwa dakika mbili anafanya nini dakika zilizobaki? Ukimwambia asubiri, umempoteza. Mimi humpa saketi niliyoiharibu makusudi atafute kosa. Ninatayarisha tatu au nne usiku wa kuamkia kipindi, na kila moja nina jibu lake kwenye karatasi, kwa sababu nimewahi kusahau nilichoharibu.

*Vifaa na maandalizi.* Fanya hesabu kabla hujaipenda. Watoto 36 wakiwasha kila mmoja saketi yake kwa wakati mmoja, unataka betri 108. Wachache wanazo. Kwa seti moja kwa kila kundi, zile dakika 24 za kazi zinagawanyika kwa watatu: dakika 8 kwa kila mtoto. Zinatosha kuwasha taa, zinatosha kwa shida kutengeneza swichi, hazitoshi kukunja kisanduku. Lakini kisanduku hakihitaji betri, hivyo wote hukikunja pamoja. Kadibodi nayo inaliwa zaidi: vipande 36 vya mazoezi kabla hata ya bodi ya kwanza ya tochi.

Malalamiko utakayoyasikia kipindi cha 3 ni haya: "Tochi tunaanza lini?" Yana msingi. Ninapunguza makali kwa kufanya zoezi liwe sehemu ya tochi yenyewe: katika swichi tatu za kundi, iliyo bora ndiyo itakayoingia kwenye tochi, nao wanachagua kwa kuzibonyeza mara ishirini ishirini kuona ipi inalegea.

*Alama za kila mtoto.* Hapa njia hii haina mpinzani. Kila mtoto ana swichi yenye jina lake na kisanduku chenye jina lake. Mzazi akija kuuliza kwa nini mwanawe amepata alama hii, unavyo viwili vya kumwekea mezani.

*Anayefaidika nayo.* Darasa ambalo watoto wengi hawajawahi kushika mkasi na waya, shule inayodai rekodi ya kila mwanafunzi, na mwalimu mwenye wanafunzi wanaotofautiana sana kiwango.

Uchague kwa hali uliyo nayo

Kama vipindi vyako vinane ni vya uhakika na hujawahi kuongoza mradi, anza kwa sehemu, ukikumbuka kile kituo cha kulaza betri juu ya mchoro. Utalala vizuri zaidi, na mwaka ujao utajua pa kulegeza.

Kama ratiba yako haiaminiki, nenda kwa toleo. Ukinyang'anywa kipindi cha 7 na cha 8 pamoja, bado makundi mengi yana tochi. Kwa sehemu ungebaki na orodha ya makosa tu.

Kama betri ni chache kuliko 36, njia ya toleo inakufa ya kwanza. Kwa seti sita, kwa mfano, njia ya sehemu inaweza kupangwa nusu darasa likate bodi na nusu liwashe saketi, kisha wabadilishane. Ya ujuzi nayo inawezekana kwa zamu. Toleo linataka kila kundi lishike saketi yake kila kipindi.

Kama alama za mtu mmoja mmoja zinaingia kwenye ripoti, chagua ujuzi, au chukua vipindi viwili vya kwanza vya ujuzi kisha uhamie toleo kuanzia la pili, kwa sababu kuwasha taa na kutengeneza swichi watakuwa wamekwisha. Mchanganyiko huu naupenda, lakini una gharama: toleo moja litaanguka, na kwa kawaida ni lile la kutumiwa na kundi jingine. Usijaribu kubana yote ndani ya vinane.

Kama unao watoto wachache, tuseme 15, ile hesabu ya nusu dakika haikubani tena. Una dakika mbili kwa kila kundi, unaweza kukagua kwa mazungumzo, na tofauti kati ya njia hizi tatu inapungua sana. Hapo chagua unayoifurahia.

Na kama tayari uko katikati, ni kipindi cha 5 na nusu ya makundi hayajawasha taa, njia uliyoanza nayo haina maana tena. Simamisha mapambo na michoro yote. Kipindi hicho kizima kiwe na kituo kimoja kwa darasa zima: taa iwake mezani, waya zikiwa wazi. Yaliyokwisha kuwasha yapeleke mtoto mmoja mmoja kwenye makundi yaliyokwama, kwa sharti kwamba mgeni anaonesha kwa kidole tu na hagusi waya. Kisha futa jaribio la kuangusha kwenye orodha ubaoni, uwaambie watoto kuwa umelifuta na kwa nini, na kipindi cha akiba kitumike kuiingiza saketi ndani ya bodi yoyote iliyopo, hata ya karatasi.